Anamaliza Mapema, Anavuruga Wenzake: Ripoti Yake Iandikweje?

MWALIMU WA DARASA: Sioni ubaya wa nilichoandika. Kwenye nafasi ya maoni nimeweka: "Ana akili, ila ni mtundu na anasumbua wenzake. Ajirekebishe." Kuna neno gani la uongo hapo? Mtoto huyu wa Darasa la Nne amepata 46 kati ya 50 katika Hisabati, na hakuna mwalimu anayeingia darasani kwangu akatoka bila kumlalamikia. Nina watoto 76, na fomu ya ripoti ina mistari miwili tu ya maoni. Nikimwandikia kila mmoja insha, likizo ya Juni itanikuta hapa hapa mezani.

MWALIMU WA TAALUMA: Sijasema umeandika uongo, Mwalimu. Nauliza mzazi akishaisoma afanye nini. Umemwambia mtoto ni mtundu, hukumwambia anafanya nini, katika somo gani, kipindi kikiwa kimefika wapi. Mzazi hayupo darasani. Ukimpa tabia bila tukio, kilichobaki mkononi mwake ni kumgombeza mtoto, na atamgombeza kwa jambo ambalo yeye mwenyewe halijui.

MZAZI: Au kumchapa. Mimi nina ushahidi wa hilo nyumbani kwangu. Mwanangu wa kwanza alipokuwa Darasa la Tatu, katika shule nyingine, aliandikiwa "mtundu kupita kiasi". Baba yake hakuuliza mtundu wa nini. Shuleni kiboko kina kanuni: ni mwalimu mkuu, au aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi, na visizidi vinne. Nyumbani kanuni hiyo haipo. Muhula uliofuata aliandikiwa "ametulia", na kweli alitulia. Aliacha hata kunyoosha kidole. Alama za Hisabati zikashuka, tukaanza kuulizana mtoto amepatwa na nini.

MWALIMU WA DARASA: Pole, mama. Lakini aliyeshika fimbo ni baba, sio ripoti. Na mimi nina mtoto mwingine ambaye hamumtaji kabisa: anayekaa naye dawati moja. Huyo ni mzito kidogo, anahitaji dakika zake zote afike swali la sita. Akiwa kwenye la tatu, mwenzake amemaliza yote kumi, anamvuta daftari, anamnong'oneza majibu, anachukua penseli yake. Mzazi wa mtoto huyo naye ana haki. Tukilainisha maneno kwa ajili ya mwenye akili, tunamficha nani asijulikane? Tunamficha aliyeumia.

MWALIMU WA TAALUMA: Hapo uko sahihi, na ninataka hilo lionekane kwenye ripoti. Lakini umelisema vizuri zaidi sasa hivi kwa mdomo kuliko ulivyoliandika. "Ananong'oneza majibu mwenzake akiwa bado swali la tatu." Hilo ni tendo, mzazi ataliona kana kwamba alikuwepo. "Anasumbua wenzake" inaweza kuwa kupiga, inaweza kuwa kuimba, inaweza kuwa kutukana. Mzazi mwenye wasiwasi atachagua lililo baya kuliko yote.

MWALIMU MSTAAFU: Wanangu, mnazunguka mbuyu. Swali ni rahisi na majibu yake tulikuwa nayo tangu zamani. Mtoto akiwa amelimudu darasa, mpandisheni. Anapata 46, anachezea muda, basi mwezi ujao akae Darasa la Tano. Huko atakutana na sehemu na asilimia zinazomzidi, na mdomo utafunga wenyewe. Mnataka kumwandikia nini tena?

MWALIMU WA TAALUMA: Mzee wetu, kumrusha darasa ni uamuzi mwingine, hauandikwi na mwalimu wa darasa kwenye mistari miwili. Na huyu yuko la Nne, Oktoba ana Upimaji wa Kitaifa. Hata kama tungeruhusiwa kuliwazia, tungeanza na karatasi zake zote, si moja. Umesikia 46 ya Hisabati. Kiswahili ana 29.

MWALIMU MSTAAFU: Ishirini na tisa? Mtoto huyo huyo?

MWALIMU WA TAALUMA: Huyo huyo, na Kiswahili pia anamaliza wa kwanza. Ndiyo sababu nilimwomba Mwalimu asikimbilie neno "akili". Kumaliza mapema kunakuja kwa sura mbili. Kuna anayemaliza kwa sababu kazi ni nyepesi kwake, na kuna anayemaliza kwa sababu hana subira ya kuirudia. Kwa nje wanafanana: wote wameweka kalamu chini na wanaangalia huku na huku. Ukitaka kuwatenganisha, fungua daftari.

MZAZI: Daftari litasema nini ambacho alama haisemi? Mimi nikiona 29 najua tu kwamba mtoto hafahamu.

MWALIMU WA TAALUMA: Mama, hebu Mwalimu atueleze alichokikuta. Nilimwomba wiki iliyopita afanye mambo mawili. Kwanza, kila mtoto huyu anapovuruga, aweke alama ndogo pembeni ya andalio la somo na kuandika dakika. Pili, asahihishe upya daftari zake mbili akitafuta makosa yako wapi, si mangapi.

MWALIMU WA DARASA: Nilifanya, ingawa nilidhani ni kazi ya kunichosha bure. Hisabati kipindi ni dakika 40. Ninaeleza na kufanya mifano kama dakika 15, kisha naandika maswali kumi ubaoni, wanabaki na dakika 25. Yeye anamaliza kwa dakika 12. Wakati wa maelezo sikuweka alama hata moja, isipokuwa siku mbili alipotaja jibu bila kuitwa. Alama zote zilizobaki ziliangukia zile dakika 13 za mwisho. Sayansi, siku tuliyopanda mbegu kwa vikundi, hakuna alama. Michezo, hakuna. Kiswahili, zipo, na zinaanza mara tu anapoweka kalamu chini.

MWALIMU WA TAALUMA: Na madaftari?

MWALIMU WA DARASA: La Hisabati lina makosa machache na hayana mpangilio. Anaruka hatua, lakini ukimuuliza amefikaje, anakueleza vizuri na hata anakuonyesha njia ya pili. La Kiswahili ni kinyume. Imla ya maneno kumi, nusu ya kwanza safi, nusu ya pili ameacha herufi. Kwenye insha sentensi tatu za mwanzo zina nukta na herufi kubwa, kuanzia ya nne vyote vimepotea. Kwenye ufahamu anajibu kutoka aya ya kwanza hata pale jibu lilipo aya ya tatu. Nikimsomea kifungu hicho hicho kwa sauti, anajibu yote.

MZAZI: Kwa hiyo anafahamu.

MWALIMU WA DARASA: Anafahamu. Hakurudi kusoma. Hilo nakiri sikuliona kwenye alama.

MWALIMU WA TAALUMA: Basi una watoto wawili ndani ya mtoto mmoja. Katika Hisabati kazi ni ndogo kuliko uwezo wake, na hilo ni la kwetu sisi walimu kulishughulikia. Katika Kiswahili uwezo upo, uangalifu ndio haupo, na hapo nyumbani wanaweza kusaidia. Ukiandika "ana akili ila mtundu" umeyachanganya yote mawili, na mzazi atashika lile asiloweza kulitibu.

MWALIMU MSTAAFU: Nisaidieni hapo. Zamani tuliamini mtundu ni mtundu, awe anahesabu au anasoma. Samaki mkunje angali mbichi. Mnataka kuniambia kwamba kila anayechoka kukaa ameonewa na zoezi jepesi?

MWALIMU WA TAALUMA: Hapana, Mzee, na hilo ni la kuangalia sana. Alama za Mwalimu ndizo zinazotuambia. Zingekuwa zimetapakaa kipindi kizima, wakati wa maelezo, kwenye michezo, hata kwenye kazi anayoipenda, na hamalizi alichoanza, ningesema hapa pana jambo jingine. Huenda hasikii vizuri, huenda haoni ubao, huenda halali usiku, huenda kuna jambo nyumbani, au utulivu wenyewe ni mgumu kwake kwa namna inayohitaji mtaalamu. Hayo hatuyaandiki kwenye ripoti kwa kubahatisha. Tunamwita mzazi tuzungumze naye ana kwa ana. Kwa huyu, vurugu ina mlango mmoja: kazi imekwisha na hakuna nyingine.

MZAZI: Kama ni hivyo, niseme wazi, mbona ripoti inamshtaki mtoto? Amefanya mlichomwagiza, amekifanya vizuri, mkamwacha dakika 13 hana kitu. Kosa ni la mwalimu. Andikeni hivyo basi: "Mwalimu hakuwa na kazi ya kumpa."

MWALIMU WA DARASA: Mama, mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Nina 76. Dakika hizo 13 sijakaa kwenye kiti. Napita kati ya madawati nikisaidia wale ambao swali la pili limewashinda. Nimwache huyo asiyejua kutoa kwa kukopa, nimkimbilie anayejua? Na kuwajibika nako ni somo. Mtoto wa miaka kumi anaweza kukaa kimya dakika 13. Wengine watano wanaomaliza mapema wanakaa kimya.

MWALIMU WA TAALUMA: Nisingeandika kosa ni la mwalimu, mama, wala nisingeandika ni la mtoto peke yake. Mwalimu amesema kweli: wapo wanaomaliza na kutulia, na huyu anachagua kutotulia. Kuchagua huko ni kwake, na lazima ajue kuna anayeumia. Lakini kama tungeweza kuziba lile pengo kwa jambo dogo na hatukulifanya, hatuna haki ya kulisemea pengo hilo kwa mzazi kana kwamba ni tabia aliyotoka nayo nyumbani.

MWALIMU MSTAAFU: Jambo dogo lipo. Akimaliza kumi, mpe mengine kumi.

MWALIMU WA DARASA: Nilimpa, Mzee. Siku mbili. Siku ya tatu alimaliza dakika ya mwisho pamoja na wenzake. Nikafurahi, nikadhani nimepata dawa, mpaka nilipomwona akichora maua pembeni ya daftari huku akijibu swali moja moja taratibu. Amejifunza kwamba malipo ya kuwahi ni kuongezewa mzigo ule ule.

MWALIMU MSTAAFU: Basi mpe ukiranja. Akimaliza, apite kusahihisha madaftari ya wenzake. Mikono itakuwa na shughuli.

MZAZI: Hapana, Mzee wangu. Hilo silikubali. Mtoto hakuletwa shule kuwa msaidizi wa mwalimu bila mshahara. Na wale wenzake watamchukia. Leo ananong'oneza majibu anaonekana rafiki, kesho ameshika kalamu nyekundu anawawekea mkasi.

MWALIMU WA TAALUMA: Nakubaliana na mama nusu. Kusahihisha wenzake kila siku, hapana. Lakini kumweleza mwenzake mara moja moja kunamfaa hata yeye, kwa sharti asitaje jibu. Aulize: "Umeanzia wapi?" Kwa mtoto anayeruka hatua, kumsikiliza anayepita hatua zote ni zoezi gumu kweli. Nisingezidisha mara mbili kwa wiki. Siku nyingine awe na kazi yake mwenyewe, isiwe nyingi zaidi, iwe nzito zaidi. Swali moja linalochukua muda.

MWALIMU WA DARASA: Ninyi mnasema "swali moja", ila atakayelitunga saa nne usiku ni mimi.

MWALIMU WA TAALUMA: Eleza basi lile la Alhamisi, nawe utuambie lilikuchukua muda gani kulitunga.

MWALIMU WA DARASA: Lilichukua kuandika mstari mmoja kwenye karatasi. Tulikuwa kwenye kuzidisha namba za tarakimu mbili. Nikamwandikia: "Tumia 1, 2, 3 na 4, kila moja mara moja tu. Unda namba mbili za tarakimu mbili, uzizidishe. Jibu kubwa kabisa ni lipi?" Alimaliza zoezi la darasa dakika zile zile 12, nikamwekea karatasi bila kusema neno. Akaanza na 43 mara 21, kwa sababu alitaka namba moja iwe kubwa iwezekanavyo. Akapata 903, akaja kunionyesha kwamba amemaliza. Nikamuuliza, "Una uhakika hakuna kubwa zaidi?" Akarudi. Akajaribu 42 mara 31, akapata 1,302. Nilimwona ameshtuka. Kisha 41 mara 32, ikawa 1,312. Baada ya hapo akaanza kuuliza kwa nini, mbona zinapokaribiana ndipo jibu linakua. Kengele ikalia hajamaliza.

MZAZI: Na yule wa dawati lake?

MWALIMU WA DARASA: Alifika swali la saba. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

MWALIMU MSTAAFU: Hilo ni jambo. Siku moja, hata hivyo.

MWALIMU WA DARASA: Siku moja, Mzee, na ndilo ninalolisema mimi pia. Ijumaa nilimpa jingine, halikumshika. Lilikuwa fumbo la maneno, refu. Alilisoma mstari wa kwanza, akakisia jibu, akageukia nyuma kuzungumza. Maswali mazito hayamtulizi moja kwa moja. Yanamtuliza yale ya namba. Yakiwa ya kusoma, tunarudi kwenye haraka yake.

MWALIMU WA TAALUMA: Nami sitaki tudai zaidi ya hapo kwenye ripoti. Tusiandike "amebadilika" kwa Alhamisi moja. Tuandike tulichoanza kukifanya.

MWALIMU WA DARASA: Sawa. Nimejaribu upya. Nisomeeni: "Hisabati 46. Ni hodari na anaelewa haraka. Akimaliza huwatajia wenzake majibu. Kiswahili 29 kwa sababu ya haraka. Wazazi mhimizeni awe na utulivu."

MWALIMU WA TAALUMA: Tumefika mbali. Mambo matatu yamebaki. "Ni hodari" litoe, 46 imeshasema. Badala yake weka kile ulichokiona na ambacho alama haikionyeshi: anaweza kueleza njia yake. Mtoto akilisoma hilo atajua umemwona, nao watoto wa la Nne wanazisoma ripoti zao njiani kabla hazijafika nyumbani. La pili ni "mhimizeni awe na utulivu". Huo tena ni mzigo usio na mpini. Mzazi atahimiza vipi utulivu wa saa tano asubuhi, akiwa kazini au shambani? Mpe kazi ya nyumbani ambayo ni ya nyumbani kweli, tena ndogo.

MZAZI: Hapo nisikilizeni mimi, maana ndiye nitakayepewa kazi hiyo. Msiniandikie "asaidiwe kusoma". Nitamtafutia twisheni, nilipe fedha, naye atafundishwa haraka zaidi ya aliyo nayo. Mkiniandikia "asome aya moja kwa sauti kila jioni", hilo hata bibi yake asiyejua kusoma anaweza kulisimamia. Atamsikia akiruka.

MWALIMU WA TAALUMA: Na imla, ajikague mwenyewe. Mzazi amtajie maneno matano, mtoto ayaandike, kisha asitoe daftari mpaka amepitisha kidole chini ya kila neno. Anayetafuta kosa ni yeye, mama asimwonyeshe. Huyu hakosi ujuzi wa kuandika neno. Anakosa mazoea ya kurudi nyuma.

MWALIMU MSTAAFU: Ulisema matatu.

MWALIMU WA TAALUMA: La tatu ni yale masanduku ya tabia chini ya fomu. Mwalimu, umempa A kwenye bidii ya kazi, ukampa D kwenye utii na D kwenye ushirikiano. Maoni yako mapya yanasema jambo moja, herufi zinasema jingine. Mzazi asiyependa kusoma maneno mengi ataziona D mbili, basi. Na ripoti haiishii nyumbani. Nakala inabaki kwenye jalada, mtoto akihama inaweza kumfuata, na mwalimu mpya atamngoja mlangoni akiwa na D zile kichwani.

MWALIMU WA DARASA: Utii nitapandisha iwe C. Anakatazwa, anaacha, baada ya dakika tano anarudia. Hiyo ni C ya haki. Ushirikiano sishushi wala sipandishi. Amechukua penseli ya mtu.

MWALIMU WA TAALUMA: Na kwenye vikundi vya Sayansi? Ulisema hakuna alama hata moja. Aliyepima maji ya kumwagilia na kuwagawia wenzake kazi ni nani?

MWALIMU WA DARASA: Ni yeye. Siku moja ya kupanda mbegu haifuti muhula mzima wa dawati moja.

MWALIMU WA TAALUMA: Na muhula wa dawati moja usifute vikundi. Mtoto anayegawa majibu anashirikiana kupita kiasi, anashirikiana vibaya. Mimi ningempa B.

MWALIMU WA DARASA: B atapewa mtoto aliyekaa naye akavumilia. Nikimpa huyu B, yule nimpe nini?

MWALIMU MSTAAFU: Hapo mimi niko na Mwalimu. Herufi ni ya kulinganisha na wenzake.

MZAZI: Mimi siko naye. Herufi inakuja nyumbani kwangu peke yake, hailetwi pamoja na za wenzake nilinganishe.

MWALIMU WA TAALUMA: Hilo tutaliacha, maana fomu yenyewe haituambii herufi hizo zinapimwa kwa kipimo gani, na kila shule inapima kwa macho yake. Mwalimu, weka unayoweza kuitetea mbele ya mzazi ukiwa na andalio lako mkononi. Maoni sasa yanasemaje?

MWALIMU WA DARASA: "Hisabati 46: anaeleza njia zake vizuri. Akimaliza mapema huwatajia wenzake majibu na kuwachelewesha. Tumeanza kumpa swali gumu la ziada. Kiswahili 29: anaharakisha. Nyumbani kila jioni asome aya moja kwa sauti na ajikague imla ya maneno matano." Mwandiko mdogo, yameingia kwenye mistari miwili.

MWALIMU MSTAAFU: Sentensi ya tatu iondoe, mwanangu. Nakuambia kama mzee wa kazi hii. "Tumeanza kumpa." Umejifunga kwa maandishi. Julai ukipata homa, ukipewa darasa jingine, ukiongezewa watoto wafike 80, karatasi hiyo itakuja kukudai. Sisi tulifundishwa ripoti inamhusu mtoto. Shule haijiripoti yenyewe.

MZAZI: Mimi sentensi hiyo ndiyo pekee inayonifanya niiamini karatasi yote. Ikiondoka, tunarudi kule kule: mtoto ana kosa, mzazi ana kazi, shule haipo.

MWALIMU WA DARASA: Mama, Mzee hakosei. Nina 76. Nikimwandikia huyu "swali la ziada", nimewaandikia wale watano wengine pia, maana wazazi wao watauliza kwa nini aliyevuruga ndiye aliyepewa kitu, na waliokaa kimya hawakupewa. Hamjalijibu hilo, na mimi linaniuma. Mtoto anayetulia huku akichoka kimya kimya hana mstari wa kumtetea kwenye ripoti yake.

MWALIMU WA TAALUMA: Sina jibu kamili. Ningesema karatasi moja yenye swali moja inaweza kuwekwa kwenye dawati la mbele, kila anayemaliza aende kuisoma, wawe sita au kumi. Kazi ya kutunga inabaki ile ile. Lakini ni kweli tumeuona uhitaji kwa sababu huyu alipiga kelele, na sijui ni wangapi tumewaacha kwa kuwa hawakupiga.

MWALIMU MSTAAFU: Na utaandika "tumeanza kuwapa"?

MWALIMU WA DARASA: Nitaandika "mara mbili kwa wiki". Hizo ninaziweza hata watoto wakiwa 80. Kila siku siziwezi, na sitaahidi nisichokiweza. Ushirikiano nimeandika C. Sio D yangu ya kwanza, na B ya Mwalimu wa Taaluma sitaifikia. Mwalimu mkuu akitaka kuibadilisha, yupo chini yangu kwenye fomu, aandike na sahihi yake.

MZAZI: Mara mbili kwa wiki nimeshika. Shule ikifunguliwa Julai nitaomba daftari la Hisabati, niyahesabu maswali hayo ya ziada.

MWALIMU WA DARASA: Uje, mama. Ukija, beba na la Kiswahili, nami nihesabu aya zilizosomwa jioni.